AMIBA WAWILI WANAOFANANA: MMOJA HUUA, MWINGINE HANA MADHARA



Watu wengi wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe wamewahi kupima choo. Wengi wao waliambiwa, "Una amiba." Walipewa vidonge, wakarudi nyumbani. Baada ya miezi michache walipima tena, wakaambiwa tena, "Una amiba." Wakameza vidonge vile vile.

Leo tutazungumza juu ya neno hilo, amiba. Tutaona kuwa si kila amiba anayeonekana katika choo ni adui. Tutaona pia kuwa amiba mwenye hatari anaweza kuwa ndani ya ini la mtu, huku choo cha mtu huyo kikionekana safi. Mambo hayo mawili yakieleweka, utajua wakati wa kutulia na wakati wa kukimbilia hospitali.

MFANO WA MKE NA MUME

Tuchukue mfano. Katika kijiji kimoja cha wakulima wa chai na ndizi wilayani Rungwe wanaishi mke na mume. Mume ana miaka 38. Kwa wiki tatu amekuwa na homa inayopanda jioni na kumtoa jasho usiku. Amekonda. Ana maumivu chini ya mbavu za kulia, na akivuta pumzi kwa nguvu maumivu hupanda hadi bega la kulia. Amepimwa malaria, haikuonekana. Haharishi.

Mke wake ni mzima. Tumbo humuunguruma mara moja moja, lakini anapata choo cha kawaida na anafanya kazi zake zote.

Siku moja wanakwenda kituo cha afya pamoja, na wote wawili wanapima choo. Majibu yanaporudi, mke ana sisti nyingi za amiba. Mume hana kitu. Mama yule anashangaa, anamwendea tabibu.

"Shikamoo mama," tabibu anamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Cheti kinasema mimi nina amiba. Baba watoto ndiye mgonjwa, naye hana. Vikopo havikuchanganywa kule maabara?"

"Hapana mama, havikuchanganywa. Tena mimi namhofia baba kuliko wewe. Nataka aende hospitali ya wilaya leo hii. Nafikiri amiba yumo ndani ya ini lake."

Je, tabibu huyu amekosea? Mwenye amiba katika choo anaachwa, na asiye na amiba anapelekwa hospitali kwa ajili ya amiba! Ili tuelewe kwa nini tabibu ana haki, tuanze na amiba mwenyewe.

AMIBA ANA SURA MBILI

Amiba ni kijidudu kidogo mno. Mwili wake wote ni seli moja. Haonekani kwa macho matupu, bali kwa darubini ya maabara. Hana miguu wala mdomo. Hutembea kwa kusukuma sehemu ya mwili wake mbele, halafu mwili uliobaki hufuata, kama uji mzito unavyosogea katika sahani uliyoiinamisha. Akikuta chakula hukizunguka kwa mwili wake, kikawa ndani yake.

Amiba huishi katika utumbo mpana wa mtu. Akiwa huko ni laini na hutembea. Sura hii ya kwanza ni dhaifu sana nje ya mwili. Choo kikipoa, amiba huyu huacha kutembea, na baada ya muda mfupi hufa.

Sura ya pili ni sisti. Kabla ya kutoka nje, amiba hujikunja akawa mviringo na kujifunika kwa ganda gumu. Sisti haitembei wala haili. Lakini inavumilia. Katika udongo wenye unyevu na kivuli inaweza kuishi kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa. Inakufa upesi ikikaushwa na jua au ikichemshwa.

Sasa fikiri juu ya wilaya ya Rungwe. Mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Udongo chini ya migomba haukauki. Maji ya mvua hushuka miteremkoni na kuingia katika vijito na chemchemi. Choo kilichoachwa shambani huleta sisti hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa, au kwenye mboga na matunda yanayoliwa mabichi. Mtu akimeza sisti moja iliyokomaa, ganda hufunguka ndani ya utumbo mwembamba, na wanatoka amiba wadogo wanane.

MTAALAMU WA MAABARA ANATAZAMA NINI?

Mtaalamu wa maabara huchukua choo kidogo kwa kijiti. Sehemu moja huichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo. Sehemu nyingine huichanganya na tone la ayodini, dawa ya rangi ya kahawia. Katika maji ya chumvi anatafuta amiba wanaotembea. Katika ayodini anatafuta sisti, kwa sababu ayodini huipa sisti rangi na kuonyesha viini vilivyo ndani yake.

Utumbo wa mtu una amiba wa namna nyingi, na wengi wao hawana madhara. Kwa hiyo mtaalamu akiona sisti hafurahii mapema. Anafanya kazi mbili: anahesabu viini, na anapima ukubwa.

Kwanza, viini. Sisti ya amiba mwenye hatari ikikomaa ina viini vinne. Jina la amiba huyu ni histolitika. Yupo amiba mwingine aitwaye koli, ambaye huonekana mara nyingi sana na hana madhara. Sisti ya koli ikikomaa ina viini vinane. Viini haviko mahali pamoja. Vingine viko juu na vingine chini, kama mbegu ndani ya papai. Mtaalamu huzungusha kirekebishi cha darubini polepole, juu na chini, ili asiache hata kimoja. Mwenye haraka ataona viini vinne vya juu, ataandika "histolitika", kumbe chini vipo vingine vinne.

Pili, ukubwa. Chukua milimita moja katika rula ya mwanafunzi. Igawe katika sehemu 1,000. Sehemu moja huitwa maikroni. Sisti ya histolitika kwa kawaida ina upana wa maikroni 12 hadi 15. Maana yake, ukizipanga sisti 80 mstari mmoja, zitajaza milimita moja tu. Yupo amiba mwingine aitwaye hatimani, ambaye sisti yake pia ina viini vinne. Huyu hana madhara, na sisti yake haifiki maikroni 10. Bila kupima, mtu anaweza kumdhania kuwa histolitika. Darubini yenye rula ndogo ndani ya lenzi ndiyo inayowatenganisha.

Lipo kosa jingine. Mtu mwenye kuhara damu hutoa usaha katika choo. Usaha huo una seli nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Seli hizi ni za mviringo na viini vyao vimegawanyika. Mtazamaji asiyezoea huziona akaandika "amiba", wakati ugonjwa umeletwa na bakteria wa kuhara damu.

PACHA ASIYETOFAUTISHWA KWA MACHO

Tuseme sasa mtaalamu ni hodari. Amehesabu viini vinne kwa uhakika. Amepima, akapata maikroni 13. Si koli, wala si hatimani. Je, anaweza kusema kwa hakika kuwa huyu ni histolitika?

Hawezi. Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii. Histolitika ana pacha. Jina la pacha huyo ni dispari. Sisti zao zina ukubwa ule ule na viini vinne vile vile. Hata mtaalamu bora duniani, mwenye darubini bora, hawezi kutenganisha sisti ya histolitika na sisti ya dispari kwa kutazama. Lakini tabia zao ni mbali kabisa. Dispari hukaa utumboni, hula bakteria, na humwacha mwenyeji wake salama. Histolitika anaweza kutoboa utumbo na kula ini.

Habari ya pacha huyu ni ya zamani. Mwaka 1925 mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Emile Brumpt aliona jambo la ajabu. Watu wenye sisti za viini vinne walikuwa wengi sana duniani, lakini waliougua walikuwa wachache. Alisema lazima wawepo amiba wawili wanaofanana. Wenzake wengi hawakumkubali, kwa sababu hakuweza kuwaonyesha tofauti kwa darubini. Mwaka 1978, huko Uingereza, wataalamu walipima kemikali zilizo ndani ya amiba, wakakuta makundi mawili. Amiba waliotoka kwa wagonjwa walikuwa na kemikali za namna yao, tofauti na wengi waliotoka kwa watu wazima wasioumwa. Mwaka 1993 wataalamu Diamond na Clark waliwatenganisha rasmi. Brumpt alikuwa amesema kweli, lakini alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilifanya mkutano wa wataalamu nchini Meksiko. Walishauri kuwa maabara ikiona sisti za viini vinne kwa darubini peke yake, iandike majina yote mawili: histolitika au dispari. Walishauri pia kuwa mtu asiye na dalili, aliyeonekana na sisti hizo kwa darubini tu, asipewe dawa mpaka iwepo sababu nyingine ya kumshuku histolitika.

Na hapa kwetu Tanzania? Wataalamu walipima choo cha watu huko Moshi, mkoani Kilimanjaro, kwa kipimo kinachosoma vinasaba vya amiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walikuta histolitika na dispari, lakini walikuta zaidi amiba wa tatu mwenye sura ile ile, aitwaye moshkovski. Jina hilo halikutoka mji wa Moshi. Ni jina la mtaalamu wa Urusi. Basi ukiona katika cheti chako "sisti za viini vinne zimeonekana", ujue kuwa anaweza kuwa mmoja kati ya hao watatu.

NI NINI KINACHOMFICHUA MUUAJI?

Liko jambo moja ambalo darubini inaweza kulionyesha. Histolitika anayekula utumbo wa mtu humeza chembe nyekundu za damu. Mtaalamu akiona katika choo cha damu amiba anayetembea, mwenye chembe nyekundu ndani ya mwili wake, ana sababu kubwa ya kusema kuwa huyo ni histolitika na ugonjwa ni kuhara damu kwa amiba.

Lakini kumbuka tulivyosema: amiba anayetembea hufa choo kikipoa. Kwa hiyo choo cha damu lazima kifike mezani kwa mtaalamu kingali na joto, ndani ya nusu saa. Mtu akichukua choo nyumbani alfajiri, akapanda gari hadi Tukuyu, akasubiri foleni mpaka saa tano, kilichomo katika kopo ni amiba waliokufa. Ni afadhali ajisaidie hapo hapo kituoni.

Lipo jambo la pili. Vipo vipimo vinavyotambua protini au vinasaba vya histolitika peke yake. Vipimo hivi huwatenganisha mapacha. Lakini havipo katika zahanati na vituo vingi vya afya. Hupatikana zaidi katika hospitali kubwa na vyuo vya utafiti. Kwa hiyo tabibu wa kijijini hutegemea dalili za mgonjwa kuliko cheti cha sisti.

Tena, ndugu msomaji, usidhani kila kuhara damu ni amiba. Kwa watoto hasa, kuhara damu mara nyingi huletwa na bakteria waitwao shigela. Huja ghafla pamoja na homa, na dawa yake si ile ya amiba. Mzazi anayenunua vidonge vya amiba dukani kwa ajili ya mtoto anayehara damu, anaweza kupoteza siku ambazo mtoto hana. Mtoto huyo apelekwe kwa tabibu siku ile ile.

KWA NINI HISTOLITIKA HUFIKA KATIKA INI?

Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa kwa ute. Ute huo ni kama tabaka la udongo wa mfinyanzi lililopakwa juu ya ukuta wa nyumba. Mara nyingi hata histolitika mwenyewe hukaa juu ya ute huo, akala bakteria, asimdhuru mtu. Katika kila watu kumi wenye histolitika, karibu tisa hawaugui. Wataalamu waliliona jambo hili huko Durban, Afrika Kusini, miaka ya 1980. Waliwafuata kwa muda watu waliokuwa na histolitika bila kuumwa. Mmoja katika kila kumi alipata kuhara damu. Waliobaki, amiba wao walitoweka wenyewe.

Kwa yule mmoja, histolitika huanza kuchimba. Ana vifaa vitatu. Kwanza, ana kishikio katika ngozi yake, kinachonasa sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Pili, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ute na kamba zinazoshikanisha seli. Tatu, akiishika seli huiua. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha kuwa huing'ata vipande vipande ingali hai, mpaka inakufa. Dispari naye ana kishikio, lakini vifaa vyake ni pungufu. Kimeng'enya kimoja muhimu cha kuyeyushia, ambacho histolitika anacho, kwa dispari kinasaba chake kimeharibika. Ndiyo sababu hana uwezo wa kuchimba kama mwenzake.

Kidonda anachochimba histolitika kina mdomo mwembamba na tumbo pana, kama kibuyu. Juu unaona tundu dogo, lakini chini pameliwa sana. Mgonjwa huhara choo kidogo kidogo chenye damu na kamasi, na tumbo humsokota.

Chini ya ute na seli za ukuta ipo mishipa midogo ya damu. Kidonda kikiifikia, amiba huanguka ndani ya damu. Na damu ya utumbo inakwenda wapi? Haiendi moyoni moja kwa moja. Vijito vyote vya damu kutoka matumboni hukusanyika katika mto mmoja, na mto huo huingia katika ini. Ini hupokea chakula kilichosagwa na kukitengeneza. Kwa njia hiyo hiyo ya chakula, amiba hupelekwa hadi katika ini. Sehemu ya kulia ya ini ndiyo kubwa zaidi, na hupokea damu nyingi ya upande wa kulia wa utumbo mpana. Ndiyo sababu jipu la ini hutokea kulia mara nyingi, na maumivu huwa chini ya mbavu za kulia.

Amiba wengi wanaofika katika damu hufa, maana damu ina kinga za kuua vijidudu. Wachache huzishinda kinga hizo. Wakiingia katika ini huua seli za ini na askari weupe wanaokuja kupigana. Seli zilizokufa huyeyuka, na shimo hupanuka. Hili ndilo jipu la ini. Ndani yake mna maji mazito ya rangi ya kahawia yenye wekundu, ambayo kwa kawaida hayanuki. Hayo ni ini lililoyeyuka. Amiba wenyewe hawapo katikati. Wako pembeni, katika ukuta wa jipu, wakiendelea kula.

Kwa nini mmoja hupata jipu na mwenzake hapati? Wataalamu bado hawajamaliza jibu. Lakini jambo moja linaonekana kila mahali: wanaume wazima hupata jipu la ini mara 7 hadi 10 kuliko wanawake, ingawa wote humeza sisti sawa. Homoni ya kiume inadhaniwa kupunguza nguvu za askari wanaopigana na amiba. Unywaji mwingi wa pombe pia unashukiwa.

KWA NINI CHOO CHA MUME KILIKUWA SAFI?

Sasa turudi kwa yule mama na mume wake. Amiba waliomwingia mume kwenye ini waliacha utumbo, labda wiki nyingi zilizopita. Vidonda vya utumbo vinaweza kuwa vimepona, au vilikuwa vidogo hata hakuhara. Wagonjwa wengi wa jipu la ini hawaharishi, na wengi hawaonyeshi amiba wala sisti katika choo. Cheti kinachosema "hakuna amiba" hakiwezi kuliondolea ini lawama.

Tabibu hakutegemea cheti. Alitazama mwanamume mzima, homa ya wiki tatu, kukonda, na maumivu ya kulia yanayopanda begani. Alipobonyeza kwa kidole katikati ya mbavu za chini za kulia, mgonjwa aliruka kwa uchungu. Macho yake hayakuwa ya manjano. Katika jipu la ini macho mara nyingi hubaki meupe, kwa hiyo usingoje manjano.

Katika hospitali ya wilaya mjini Tukuyu, mgonjwa wa namna hii hupimwa kwa mashine ya picha ya tumbo, ile wanayopimiwa akina mama wajawazito. Katika ini lake linaonekana duara jeusi. Damu yake ikipimwa katika hospitali yenye kipimo hicho, huonyesha kinga za kupigana na histolitika. Dispari haziamshi kinga hizo.

Na mama? Choo chake kingepimwa kwa kipimo cha kutenganisha mapacha, huenda angeonekana ana dispari tu. Lakini kwa kuwa mume wake ana jipu la ini, sasa ipo sababu ya kumshuku histolitika katika nyumba ile. Ndiyo maana tabibu alimwambia arudi apimwe zaidi, na ikiwa kipimo hakipatikani, apewe dawa ya sisti. Mtu mwingine mwenye cheti kama chake, asiyeumwa na asiye na mgonjwa nyumbani, angeachwa bila dawa.

DAWA NI MBILI, SI MOJA

Dawa ya kwanza ni metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili. Hutumika kwa siku 5 hadi 10 kama tabibu atakavyopanga. Huingia katika damu na kuwafuata amiba ndani ya ukuta wa utumbo na ndani ya ini. Homa ya mgonjwa wa jipu huanza kushuka katika siku 3 hadi 5. Isiposhuka, au jipu likiwa kubwa sana, au likiwa upande wa kushoto karibu na moyo, daktari hulivuta kwa sindano ndefu.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Metronidazoli hunyonywa yote kuingia katika damu, na kidogo tu hubaki ndani ya utumbo. Sisti zilizobaki utumboni haziuawi vizuri. Baada ya miezi, ugonjwa unaweza kurudi. Kwa hiyo inatakiwa dawa ya pili inayofanya kazi ndani ya utumbo, kama vile diloksanidi kwa siku 10. Muulize tabibu wako: "Nimemaliza ya damu na ini. Je, ya kusafisha utumbo nitaipata wapi?"

Wakati unameza metronidazoli usinywe pombe yoyote, iwe bia au kimpumu. Vikikutana, mtu anaweza kutapika na moyo kumwenda mbio. Subiri siku 3 baada ya kidonge cha mwisho.

Duara jeusi la ini linaweza kuonekana katika picha kwa miezi mingi baada ya kupona. Hilo si dalili ya kuugua tena. Kinachotazamwa ni homa, maumivu na uzito wa mwili.

LA KUFANYA UKIENDA KUPIMA

Chukua choo katika kopo safi na kavu. Usikichanganye na mkojo wala maji, maana huua amiba. Choo chenye damu au kamasi, chota penye damu na kamasi hasa. Sema kama umemeza dawa yoyote katika wiki mbili zilizopita, kwa kuwa dawa huweza kuwaficha amiba. Kipimo kimoja hukosa sisti karibu nusu ya safari, kwa sababu hazitoki kila siku. Ukiambiwa urudi mara tatu katika siku mbalimbali, usidhani unasumbuliwa.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa. Kitambaa hakizuii sisti. Matundu ya kanga ni makubwa mara nyingi kuliko maikroni 12. Dawa ya klorini kwa kipimo cha kawaida huua bakteria wengi, lakini sisti huvumilia.

Usingoje hata siku moja ukiona homa pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, hata kama huharishi na hata kama cheti cha choo ni safi. Jipu la ini likipasuka humwagika tumboni au kifuani. Kabla halijapasuka, vidonge huliponya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Sisti ya koli ina viini vingapi? Ya histolitika ina vingapi?
2. Kwa nini darubini haiwezi kumtenganisha histolitika na dispari kwa kutazama sisti?
3. Amiba hupita njia gani kutoka utumboni hadi katika ini?
4. Jirani yako ana homa na maumivu ya mbavu za kulia, lakini choo chake hakina amiba. Utamshauri nini, na kwa nini?